Kodi ya kila pande: namna ya kukokotoa mzigo wake kwa mwenye ukiritimba na kwenye soko la ushindani

Kila ninaposahihisha swali la nani anaubeba mzigo wa kodi inayotozwa kwa kila pande la bidhaa, tuseme la barafu, nakutana na majibu mawili. La kwanza linasema mwenye ukiritimba ndiye mpanga bei, kwa hiyo kodi yote atamtwika mnunuzi. La pili linatoka kwa aliyekariri kwamba mwenye ukiritimba hupandisha bei kwa nusu ya kodi, akahitimisha kuwa mzigo wanagawana nusu kwa nusu. Yote mawili hayapati alama, na la pili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu mwanafunzi amekokotoa vizuri halafu akasoma jibu lake vibaya.

Tutachukua mfano mmoja na kuufuata mwanzo hadi mwisho. Shika kalamu na ukokotoe pamoja nami.

## Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi ya mraba na rula. Mchoro uliochorwa kwa kukadiria ndio unaozaa makosa mengi.
- Mstari wa mahitaji, yaani bei ambayo wanunuzi wako tayari kulipa kwa kila idadi.
- Gharama ya nyongeza: gharama ya kutengeneza pande moja zaidi. Kwenye fomula tutaiandika `MC`.
- Pato la nyongeza: kiasi ambacho pato lote linaongezeka kwa kuuza pande moja zaidi. Tutaliandika `MR`.
- Kiasi cha kodi kwa kila pande, `t`.

Hakikisha kodi uliyopewa ni ya kiasi maalumu kwa kila kipimo, kama ushuru wa mafuta unaotozwa kwa lita. Kodi ya asilimia ya bei, mfano VAT ya asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya, ina hesabu yake, na hatua zilizo hapa hazitaifaa.

Mfano wetu ni wa kubuni. Kuna mwalo wa samaki ambapo wavuvi hununua mapande ya barafu kila siku kabla ya kwenda baharini. Kila pande linagharimu shilingi 1,000 kutengeneza, liwe la kwanza au la mia tatu. Gharama nyingine hakuna. Mahitaji ya wavuvi kwa siku ni haya:

```
P = 5,000 − 10Q
```

`P` ni bei ya pande, `Q` ni idadi ya mapande. Halmashauri inaweka kodi ya shilingi 400 kwa kila pande linalouzwa.

## Hatua ya 1: Tafuta hali ya ushindani kabla ya kodi

Chukulia kwanza kwamba mwaloni kuna wenye mashine ndogo za barafu wengi, na anayetaka kuingia biashara hiyo hazuiwi. Hakuna anayeweza kuuza kwa bei inayozidi 1,000, kwa kuwa jirani yake atauza kwa 1,000 na kuchukua wateja wote.

```
5,000 − 10Q = 1,000
Q = 400,  P = 1,000
```

Umefaulu kama bei yako ni sawa na gharama ya nyongeza, na faida ya wauzaji ni sifuri.

## Hatua ya 2: Tafuta hali ya ukiritimba kabla ya kodi

Sasa ondoa mashine zote ndogo, ubakize kiwanda kimoja chenye gharama ileile ya 1,000. Kiwanda hiki kikitaka kuuza pande moja zaidi lazima kishushe bei, na bei hiyo mpya watailipa hata wale ambao wangenunua kwa bei ya juu. Ndiyo maana pato la nyongeza liko chini ya bei. Mstari wa mahitaji ukiwa umenyooka, pato la nyongeza huanzia palepale kwenye mhimili wa bei, ila hushuka kwa kasi maradufu:

```
MR = 5,000 − 20Q
5,000 − 20Q = 1,000
Q = 200,  P = 5,000 − 10(200) = 3,000
```

Kama huiamini fomula, jaribu kwa mkono. Kiwanda kinauza mapande 200 kwa 3,000. Ili kuuza la 201 kishushe bei hadi 2,990. Kitapata 2,990 ya pande hilo, lakini kitapoteza shilingi 10 katika kila moja ya yale 200, yaani 2,000. Kinabakiwa na 990, na pande limegharimu 1,000. Hakitaliuza.

Onyo. Makutano ya `MR` na `MC` yanakupa idadi tu. Bei haisomwi hapo. Kutoka kwenye idadi hiyo panda wima hadi ufike kwenye mstari wa mahitaji, ndipo usome bei. Anayeandika kwamba bei ya ukiritimba ni 1,000 amesahau kupanda.

Umefaulu kama faida ya kiwanda ni (3,000 − 1,000) × 200 = shilingi 400,000 kwa siku.

## Hatua ya 3: Weka kodi upande mmoja tu

Ikiwa kodi inakusanywa kwa muuzaji, gharama ya nyongeza inapanda kutoka 1,000 hadi 1,400. Mstari wa mahitaji usiuguse.

Ushindani:

```
5,000 − 10Q = 1,400
Q = 360,  P = 1,400
```

Ukiritimba:

```
5,000 − 20Q = 1,400
Q = 180,  P = 3,200
```

Kosa la hapa ni kuinua gharama kwa 400 na papo hapo kushusha mahitaji kwa 400. Hapo umetoza kodi mara mbili. Chagua upande mmoja. Ukipenda wa wanunuzi, matokeo hayabadiliki: mvuvi anayejua kwamba baada ya kununua atalipa 400 mwaloni atakuwa tayari kumpa mwenye kiwanda 4,600 − 10Q. Pato la nyongeza linakuwa 4,600 − 20Q. Ukiliweka sawa na 1,000 unarudi kwenye mapande 180. Kiwanda kinapokea 2,800, mvuvi anaongeza 400 ya kodi, jumla 3,200. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye stakabadhi ya kodi halitwambii nani anayeumia.

Umefaulu kama njia zote mbili zimekupa bei moja ya mvuvi na kiasi kimoja kinachobaki kwa kiwanda.

## Hatua ya 4: Pima bei imepanda kwa sehemu gani ya kodi

Gawa ongezeko la bei anayolipa mnunuzi kwa kodi.

Kwenye ushindani bei imetoka 1,000 kwenda 1,400. Ni 400 kwa 400, asilimia 100. Kwenye ukiritimba imetoka 3,000 kwenda 3,200. Ni 200 kwa 400, asilimia 50.

Wengi wanashtuka hapa. Iweje mwenye mashine ndogo asiye na nguvu apandishe bei kwa kodi yote, na mwenye nguvu zote apandishe nusu tu?

Mwenye mashine ndogo alikuwa anauza kwa gharama yake kamili. Asipopandisha 400 nzima atauza kwa hasara, na wenzake wote wako katika hali hiyohiyo. Wachache watafunga mashine, idadi itapungua, na bei itapanda hadi gharama irudi.

Kiwanda, kwa upande wake, kilishapandisha bei mpaka pale ambapo kupandisha zaidi kungekipotezea fedha nyingi kwa wateja wanaoondoka kuliko ambazo kingepata kwenye bei. Nguvu yake ilitumika yote kabla kodi haijaja. Pima bei tatu baada ya kodi, kila pande likikigharimu 1,400:

- Kwa bei ya 3,000 kinauza 200, faida 320,000.
- Kwa bei ya 3,200 kinauza 180, faida 324,000.
- Kwa bei ya 3,400 kinauza 160, faida 320,000.

Kuipitisha kodi yote na kutoipitisha kabisa kunakiumiza sawasawa. Kiwanda hakimhurumii mvuvi kinaposimama katikati. Hapo ndipo kinapopoteza kidogo zaidi.

## Hatua ya 5: Geuza bei kuwa shilingi za mzigo

Hatua hii ndiyo inayoangusha watu, basi twende polepole.

Kwenye ukiritimba bei ya mvuvi imepanda 200, na kiasi kinachobaki kwa kiwanda kimeshuka 200, kutoka 3,000 hadi 2,800. Mtu anaona mia mbili na mia mbili, anaandika nusu kwa nusu. Lakini mzigo ni kile ambacho kila upande umepoteza kwa jumla, na kiwanda hakikupoteza shilingi 200 za mapande yaliyouzwa peke yake.

Anza na wavuvi. Ziada ya mnunuzi, yaani tofauti kati ya alichokuwa tayari kulipa na alicholipa, ni pembetatu iliyo chini ya mstari wa mahitaji na juu ya bei. Kabla ya kodi:

```
½ × 200 × (5,000 − 3,000) = 200,000
```

Baada ya kodi:

```
½ × 180 × (5,000 − 3,200) = 162,000
```

Wavuvi wamepoteza 38,000.

Sasa kiwanda. Faida imetoka 400,000 hadi 324,000. Kimepoteza 76,000.

Halmashauri imekusanya 400 × 180 = 72,000.

Tazama tena namba hizo mbili za mwisho. Kiwanda kimepoteza 76,000 na halmashauri imepokea 72,000. Hasara ya kiwanda peke yake imezidi kodi yote iliyokusanywa, na bado wavuvi wamepoteza 38,000 juu yake. Ukigawa mzigo kati ya wavuvi na kiwanda, wavuvi wanabeba fungu moja na kiwanda mawili. Si nusu kwa nusu.

Hizo 76,000 zimetoka wapi? Zifungue. Kiwanda kimelipa kodi ya 72,000. Kimekosa kuuza mapande 20, ambayo kila moja lilikuwa linakiletea faida ya 2,000, yaani 40,000. Kimepata nyongeza ya bei ya 200 kwenye mapande 180, yaani 36,000. Jumlisha 72,000 na 40,000, toa 36,000, unapata 76,000. Aliyeandika nusu kwa nusu alizisahau 40,000 za mapande yasiyouzwa. Kwenye ushindani pande lisilouzwa halimuumizi muuzaji, kwa sababu halikuwa na faida ndani yake. Kwenye ukiritimba kila pande lisilouzwa limebeba faida.

Kwenye ushindani mambo ni mepesi. Ziada ya wavuvi ilikuwa ½ × 400 × 4,000 = 800,000, sasa ni ½ × 360 × 3,600 = 648,000. Wamepoteza 152,000. Wauzaji hawajapoteza kitu, kwa sababu hawakuwa na faida na gharama yao ni ileile kwa kila pande. Halmashauri imepata 400 × 360 = 144,000.

Umefaulu kama umeandika namba tatu kwa kila soko (wanunuzi, wauzaji, halmashauri) na hakuna hata moja uliyoipata kwa kubahatisha kutoka kwenye asilimia ya Hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Tafuta hasara isiyomfikia yeyote

Jumlisha walichopoteza wanunuzi na wauzaji, kisha toa kilichoingia halmashauri.

```
Ushindani:   152,000 − 144,000 = 8,000
Ukiritimba:  38,000 + 76,000 − 72,000 = 42,000
```

Kodi ni ileile ya 400, na kila soko limepunguza mauzo kwa asilimia 10. Tena idadi ya mapande yaliyopotea kwenye ukiritimba ni 20, na kwenye ushindani ni 40. Hata hivyo hasara ya ukiritimba ni zaidi ya mara tano.

Angalia mapande yenyewe. Yale 40 ya ushindani yalinunuliwa na wavuvi waliokuwa wakiyathamini kati ya 1,000 na 1,400, wakati kutengeneza kunagharimu 1,000. Kuyakosa ni hasara ndogo. Yale 20 ya ukiritimba yalithaminiwa kati ya 3,000 na 3,200. Barafu ambayo mvuvi anaithamini shilingi elfu tatu, ambayo ingetengenezwa kwa elfu moja, haitengenezwi. Ukiritimba ulishapunguza mauzo kupita kiasi, na kodi imekwenda kupunguza palepale palipokuwa na upungufu.

Onyo la mchoro. Kwenye ushindani hasara hii ni pembetatu ndogo. Kwenye ukiritimba ni trapeza, inayoanzia kwenye gharama halisi ya 1,000 chini hadi kwenye mstari wa mahitaji juu, kati ya idadi 180 na 200. Wengi huchora pembetatu kote kuwili. Hakiki eneo la trapeza: upana 20, wastani wa urefu wa 2,000 na 2,200 ni 2,100, jumla 42,000. Isipolingana na hesabu ya juu, rudi Hatua ya 5.

## Hatua ya 7: Badilisha umbo la mistari kabla ya kutoa kauli ya jumla

Asilimia 50 si sheria ya ukiritimba. Imetokana na mambo mawili: mahitaji ya mstari ulionyooka na gharama isiyopanda.

Ikiwa gharama ya nyongeza inapanda kadiri unavyozalisha, tuseme `MC = 1,000 + 10Q`, sehemu ya kodi inayoingia kwenye bei inapungua katika masoko yote mawili. Kwa mahitaji ya mstari ulionyooka wenye mteremko `b` na gharama yenye mteremko `c`:

```
Ushindani:   b / (b + c)
Ukiritimba:  b / (2b + c)
```

Weka `b` = 10 na `c` = 10. Ushindani unakupa nusu, ukiritimba theluthi moja. Maana yake, wauzaji wa ushindani nao sasa wanabeba mzigo. Walio na gharama nafuu walikuwa wanapata kitu juu ya gharama yao, na hicho kimeguswa. Mstari wa mahitaji ukiwa umenyooka, ukiritimba hupitisha sehemu ndogo kuliko ushindani, gharama ikiwa bapa au ikipanda.

Lakini mahitaji yasiponyooka, kauli hiyo inavunjika. Chukua mahitaji ambayo unyumbufu wake ni 2 popote ulipo: bei ikipanda kidogo, kwa kila asilimia moja idadi inashuka kama asilimia mbili. Kanuni ya mwenye ukiritimba hapo ni kuuza kwa mara mbili ya gharama ya nyongeza. Gharama ikiwa 1,000, bei ni 2,000. Kodi ya 400 ikiifikisha 1,400, bei inakuwa 2,800. Kodi ni 400 na bei imepanda 800.

Ukiona hivyo usikimbilie kuandika kwamba kiwanda kimefaidika na kodi. Kama kilikuwa kinauza mapande 200 kwa faida ya 1,000 kila moja, kilipata 200,000. Kwa bei ya 2,800 kitauza kama 102, na kila moja linakiachia 1,400. Hiyo ni kama 143,000. Bei imepanda mara mbili ya kodi, na kiwanda bado kimepoteza. Kwa mwenye ukiritimba kodi ya kila kipimo daima hupunguza faida. Angeweza kuipandisha bei hiyo hata bila kodi, na hakufanya hivyo kwa sababu haikumlipa.

Kwenye ushindani wenye gharama bapa au inayopanda bei haiwezi kupanda kuliko kodi. Kwa hiyo ukikutana na bidhaa ambayo bei yake ilipanda zaidi ya kodi ya kila kipimo, na hakuna gharama nyingine iliyopanda, una sababu nzuri ya kuchunguza kama soko hilo lina ushindani wa kweli.

Umefaulu kama jibu lako linaanza kwa kutaja umbo la mahitaji na la gharama, ndipo linataja asilimia.

## Hatua ya 8: Linganisha na ada isiyotegemea idadi

Maswali mengi yanamalizikia kwa kuuliza halmashauri ifanye nini. Usijibu kwa maoni, kokotoa.

Tuseme badala ya 400 kwa pande, halmashauri inakitoza kiwanda ada ya leseni ya 72,000 kwa siku, kiuze kisiuze. Ada hii haiongezi gharama ya pande lijalo hata kwa senti. `MR` na `MC` vinabaki palepale, kiwanda kinaendelea kuuza 200 kwa 3,000, na faida yake inakuwa 328,000. Wavuvi hawapotezi kitu. Halmashauri inapata fedha zilezile, na hasara ya 42,000 inatoweka. Hata kiwanda chenyewe kina nafuu ya 4,000 kuliko kingelipa kodi ya kila pande.

Usiihamishie njia hii kwenye mwalo wenye mashine nyingi ndogo. Kule hakuna faida ya kulipia ada. Baadhi watafunga, na bei itapanda mpaka waliobaki waweze kuilipa. Vilevile usiidai kama tiba ya bei ya 3,000. Ada inachukua faida ya kiwanda lakini mvuvi bado analipa mara tatu ya gharama ya barafu yake.

Ukitaka kujipima, rudia hatua zote kwa kodi ya shilingi 800 badala ya 400, mahitaji na gharama zikiwa zilezile za mwanzo. Kwenye ukiritimba utapata mapande 160 kwa bei ya 3,400, kodi ya 128,000, hasara ya wavuvi 72,000 na ya kiwanda 144,000. Kodi imekuwa mara mbili lakini hasara isiyomfikia yeyote imetoka 42,000 hadi 88,000. Kwenye ushindani itoke 8,000 hadi 32,000, na ukipata namba tofauti, kosa lako liko Hatua ya 3.